Magunia Elfu Moja ni Tuta la Urefu Gani?

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Bakuyu, Ziwani na bulla zote za Garissa zinazopakana na Mto Tana,

Ujumbe wa sauti wa kamati ya bulla umetufikia huku Moorhead, Minnesota. Mmeomba tuchange pesa za magunia 1,000 ya mchanga kabla mvua za deyr hazijaanza Oktoba. Mchango utakuja, wala hilo si la kubishana. Ila sijaelewa: magunia 1,000 ni ya tuta la namna gani? Tuta la mchanga huagizwa kwa vipimo vitatu, yaani urefu wake, kimo chake na upana wa kitako chake. Idadi ya magunia hutoka humo. Ukianza na idadi, unanunua kitambaa bila kumpima anayeshonewa.

Mji ninaoishi unatazamana na Fargo, na katikati yetu unapita Mto Red. Tarehe 28 Machi 2009 mto huo ulipanda hadi futi 40.84, na watu wa hapa walikuwa wamejaza mamilioni ya magunia, mengine ndani ya uwanja wa michezo uliofunikwa paa. Kazi hiyo wenyeji hawajaisahau, na mkongwe yeyote wa mtaa wangu atakueleza namna ya kulaza gunia kama vile wazee wetu wanavyoeleza namna ya kufunga mzigo juu ya ngamia. Haya ninayoandika nimeyapata kwao na kwenye miongozo ya wahandisi wa jeshi la Marekani, kisha nikayageuza yafuate vipimo vya kwetu.

Tuanze na gunia lenyewe. Gunia la sukari la kilo 50 likijazwa mchanga hadi mdomoni halibebeki, na hata likibebwa halina faida, kwa sababu linakuwa gumu na mviringo kama gogo. Magogo mawili yakilazwa pamoja huacha pengo, na maji hutafuta pengo. Mwaka ule wa 2009 kulikuwa na baridi ya kugandisha, na magunia yaliyoganda kabla ya kupangwa yaliwasumbua watu kwa sababu hiyohiyo: hayakukubali kubonyea. Gunia letu lililojazwa kupita kiasi litafanya vivyo hivyo katika jua kali la Garissa.

Kwa hiyo tumieni magunia madogo, yale ya kilo 25 ya unga au mchele, na kila moja litiwe mchanga wa lita 12 tu, takriban nusu yake. Kateni mtungi wa maji wa lita 20 juu kidogo ya nusu, na huo uwe kipimo cha kila mtu. Gunia la namna hiyo lina uzito wa kilo 20 hivi, kijana wa miaka 15 analinyanyua. Likilazwa na kukanyagwa, hukaa kwenye urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 10. Pimeni ya kwenu baada ya kulaza machache, maana hesabu yote inategemea hapo. Msiyafunge kwa kamba. Mdomo unakunjwa na kulazwa chini ya gunia lenyewe, kisha uzito wake unaubana.

Mchanga ni wa laga, tunao mwingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi usitumike kama mchanga upo: ukikauka huwa mabonge, ukilowa huteleza. Na tafadhali, mchanga usichimbwe karibu na mahali tuta litakaposimama. Shimo mguuni mwa tuta ni mlango mnaoufungulia mto.

Sasa vipimo. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kitako kiwe na upana mara 3 ya kimo. Kwa gunia letu hilo ni rahisi sana, kwa kuwa upana wake ni mara 3 ya unene wake. Tuta la tabaka 6 lina kimo cha sentimita 60 na kitako cha sentimita 180, yaani magunia 6 ubavu kwa ubavu. Tabaka la pili magunia 5, kisha 4, 3, 2, na juu kabisa 1. Jumlisha: 21. Hayo ni ya kipande cha sentimita 40 tu za urefu wa tuta. Ikiwa mnataka kuziba bonde la mita 40, vipande viko 100, kwa hiyo magunia ni 2,100. Anayependa njia ya mkato atumie hii, ambapo n ni idadi ya tabaka na urefu uko kwa mita:

n × (n + 1) ÷ 2 × (urefu ÷ 0.4)

Wahandisi hao wana jedwali lao la kila futi 100 za tuta: futi 1 kwenda juu huhitaji magunia 600, futi 2 huhitaji 2,100, futi 3 huhitaji 4,500. Tazameni jinsi idadi inavyoruka. Kimo kimeongezeka mara 3, magunia yameongezeka zaidi ya mara 7. Ndiyo maana magunia 1,000 hayaniambii kitu. Kwa hesabu ya gunia letu, kwa kimo cha sentimita 30 yatawapa tuta la mita 66. Kwa sentimita 60 yatawapa mita 19. Kwa sentimita 90 hayafiki mita 9, na mita 9 za tuta hazifungi hata uchochoro mmoja wa Bakuyu.

Najua atatokea mtu kwenye baraza aseme, kitako cha mita 1.8 ni ubadhirifu, tukifanye mita 1.2 tuokoe magunia. Ni kweli, kwa tuta la sentimita 60 lenye mita 40 mtaokoa magunia 600. Lakini jueni mnachokiuza. Msukumo wa maji haupandi sambamba na kina chake: maji ya sentimita 30 husukuma kila mita ya tuta kama uzito wa kilo 45, ya sentimita 60 kama kilo 180, ya sentimita 90 kama kilo 405. Hata hivyo uzito wa magunia mara nyingi hushinda msukumo huo. Hatari kubwa zaidi iko chini. Ardhi ya kando ya Tana ina mchanga mwingi, na maji yaliyozuiwa juu hupita chini ya kitako. Kitako kipana hurefusha njia hiyo na kuyapunguzia kasi. Kitako chembamba hufupisha njia, na tuta huporomoka likiwa bado zima kwa macho.

Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya gunia la kwanza fyekeni nyasi na takataka, kisha chimbeni mfereji katikati ya mstari wa tuta, kina cha gunia 1 na upana wa magunia 2. Huo ndio mzizi. Kwa mita 40 utakula magunia 200 zaidi, kwa hiyo tumefika 2,300. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa yatakayopasuka, mtafika 2,530. Mchanga wa 2,300 ni kama mita 27.6 za ujazo, tani 46 hivi, yaani safari 6 au 7 za tipa la tani 7. Mikokoteni ya punda nayo isaidie pale tipa lisipofika.

Kulaza ni kama tofali: kila gunia likalie maungio ya mawili ya chini yake, na kila tabaka likanyagwe vizuri kabla ya linalofuata. Upande wa mto shusheni nailoni nzito, ile wanayotandika mafundi kabla ya kumwaga zege la sakafu. Itoke juu ya tuta hadi mita 1 mbele ya kitako, ibanwe chini na juu kwa safu ya magunia, na katikati iachwe imelegea. Ikivutwa ikanyooka, maji yataisukuma kwenye mianya na kuichana. Iwekwe kabla maji hayajafika.

Maji yakishafika, watu wa zamu watembee upande mkavu, usiku pia, wakitazama chini. Unyevu na maji meupe yanayochuruzika si balaa, yachoteni. La kutisha ni chemchemi ndogo inayobubujika na kujijengea kichuguu cha mchanga. Maji yake yakiwa na tope, mto unaula udongo chini ya tuta. Msiizibe, itatokea kwingine. Izungushieni duara la magunia, maji yapande ndani yake mpaka yaanze kutoka safi, hapo mzigo wa maji yenyewe umetuliza kasi. Likitokea kubwa msilolimudu, au tuta likianza kuinama, watu waondoke.

Kimo kinatoka wapi? Alama za matope za mwaka 2024 bado zipo kwenye kuta. Pimeni kutoka ardhini mahali tuta litakapopita, kisha ongezeni sentimita 30. Kwa hiyo tuta la sentimita 60 ni la maji ya sentimita 30. Alama ikiwa sentimita 80, tuta ni la mita 1.1, na mita 40 zake zinahitaji magunia 6,600 kabla hata ya mzizi, mchanga wa tani 132. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuacha. Mvua za mwisho wa 2023 zilikata barabara pale Mororo, Aprili 2024 zikaikata tena, na tarehe 28 mwezi huo mashua iliyobeba watu ilipinduka Kona Punda. Wakati kama huo mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakiwa yamejaa, maji hukaa majuma, na hakuna tuta la magunia linalozuia Tana kwa majuma. Pesa hizo ni bora ziende kwenye malori ya kuhamisha watu na mahema mapema.

Kwa hiyo msijaribu kuzungushia bulla nzima. Chagueni kitu kimoja ambacho mkikipoteza mtaumia baada ya mto kushuka: pampu ya maji, zahanati, au bonde dogo linaloingiza maji ya mto mtaani. Angalieni pia maji mnayoyazuia yanaelekea kwa nani. Ng'ambo, upande wa Madogo, wako ndugu zetu Munyoyaya na Pokomo, na ugomvi wa maji hatuutaki. Mvua itakayonyesha ndani ya tuta nayo itahitaji pampu ndogo ya kuitoa.

Magunia matupu yakishanunuliwa yawekwe kivulini. Jua la Garissa huyafanya yapasuke kwa kuguswa baada ya miezi michache.

Naomba mtutumie picha ya mahali mlipopachagua, urefu wake kwa hatua au kwa tepu, na kimo cha alama ya 2024. Kamati yetu hapa itapiga hesabu na kutuma pesa za magunia, nailoni na tipa kwa mafungu matatu, si kwa mkupuo. Masepetu najua mnayo. Mzee Abdi wa duka la vifaa asiuze nailoni nyembamba kwa bei ya nzito, mwambieni nimemkumbuka.

Ndugu yenu,
Moorhead, Minnesota