Rangi ya Chumba: Pima Kwanza

Usiende dukani Tukuyu kabla ya kupima kuta. Tuseme chumba chako hapo Bulyaga kina urefu wa meta 4, upana meta 3, na kuta zina kimo cha meta 2.5. Jumla ya pande nne ni meta 14. Zidisha kwa 2.5, wapata meta za mraba 35. Toa 3 za mlango na dirisha, zabaki 32. Kupaka mara mbili ni 64. Juu ya lipu, lita moja hufunika kama meta za mraba 8. Basi wahitaji lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4.

Ikiwa kopo ni shilingi 30,000, rangi ni 60,000. Ongeza msasa na brashi 10,000, na fundi 40,000: jumla 110,000.

Lakini huku mvua ni nyingi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kingo zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukiona matone upande wa ukutani, ngoja ukuta ukauke. Ukipaka hivyo hivyo, rangi itavimba na kubanduka, nazo 110,000 zimekwenda.