TAHARIRI: HESABUNI VICHWA, MSIHESABU MABOMBA

Kijana wa Bariadi, wewe unayeshinda kijiweni Somanda ukisubiri abiria wa bodaboda, hesabu tunayotaka kuizungumza leo unaijua tayari. Jioni ukigawa mafuta kwa safari ulizopiga, unapata gharama ya safari moja. Na konda wa basi la Mwanza hagawi gharama kwa viti vilivyomo, anagawa kwa abiria waliolipa. Viti 60 vyenye abiria 25 ni hasara, hata basi liwe jipya namna gani.

Ajabu ni kwamba hesabu hii ambayo konda haikosei, hukosewa kila siku katika bajeti za miradi. Na wakati mwingine haikosewi kwa bahati mbaya.

Tuanze na mradi mkubwa wa mkoa wetu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha ruzuku ya yuro milioni 102.7 kwa mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, ambao shina lake ni kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani hapa. Mtu anayetaka mradi uonekane wa bei poa atagawa ruzuku hiyo kwa watu wote wa mkoa, apate kama yuro 48 kwa mtu. Tukipigiwa makofi hapo tumekwisha, kwa sababu kuna makosa mawili. Juu, ruzuku siyo fedha yote: ipo ya Wajerumani kupitia benki yao ya KfW, na ipo ya serikali yetu. Chini, bomba halifiki kwa kila mtu. Tuseme maji yanafika kwa nusu tu ya mkoa, yuro 48 zinageuka 96 bila senti moja kuongezeka. Fedha ni ile ile, kilichobadilika ni nani kahesabiwa.

Sasa tushuke kijijini, maana huko ndiko ndugu zako waliko. Mfano huu tumeutunga wenyewe ili hesabu ionekane. Tuseme kijiji kina watu 3,000. Unaletwa mpango wa vilula 16 kwa shilingi milioni 480. Gawa: kilula kimoja shilingi milioni 30. Hiyo ndiyo gharama ya kitu kimoja. Halafu mtaalamu anasimama na kusema wanufaika ni 4,000, kwa hiyo kila mtu ni shilingi 120,000 tu. Makofi!

Hivi, hao 4,000 wametoka wapi katika kijiji cha watu 3,000? Wametoka kwenye Sera ya Maji ya 2002. Sera hiyo ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mtaalamu amezidisha 16 kwa 250 akaenda zake. Hakuna aliyehesabu kaya. Ndugu msomaji, ishike alama hii: ukiona idadi ya wanufaika inagawanyika kwa 250 bila baki, shuku kwamba imepikwa mezani.

Hesabu ya kweli inafanywa kwa miguu. Chukua ramani ya vitongoji, weka alama kila panapojengwa kilula, kisha hesabu kaya zilizo ndani ya mita 400. Kaya inayoangukia kwenye vilula viwili inahesabiwa mara moja. Katika kijiji chetu vilula 6 vimerundikwa kati ya soko na ofisi ya kijiji, hivyo waliofikiwa ni kaya 400 zenye watu kama 6 kila moja, yaani watu 2,400. Milioni 480 kwa 2,400 ni shilingi 200,000 kwa mtu. Vilula 4 vikikauka mwaka unaofuata na wakabaki watu 1,800, kila mmoja amegharimu karibu shilingi 267,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile tuliyopigia makofi.

Linganisha na mpango wa pili wa kijiji hicho hicho: vilula 12, kimoja shilingi milioni 38, jumla milioni 456. Mkubwa atasema ni ghali, maana kilula kimepanda kwa milioni 8. Kimepanda kwa sababu bomba limevutwa mbali hadi vitongoji vya pembeni. Lakini waliofikiwa ni 2,850, na kila mtu ni shilingi 160,000. Kilula kilikuwa rahisi kwenye mpango wa kwanza, mtu ni rahisi kwenye wa pili. Anayekuonyesha bei ya kilula peke yake anakupiga changa la macho.

Hata hiyo bei ya kitu kimoja yafaa ipekuliwe. Mwamba wa huku kwetu ni mgumu, na si kila shimo linatoa maji. Ukichimba visima 5 kwa shilingi milioni 18 kila kimoja na 3 tu vikatoa maji, kisima kimoja hakikugharimu milioni 18. Umetumia milioni 90 kupata visima 3, kwa hiyo ni milioni 30. Bajeti inayoandika milioni 18 bila fungu la mashimo makavu itarudi kuomba nyongeza, au itapunguza mabomba kimya kimya. Na uliza kama upimaji, usimamizi na posho vimo ndani ya hiyo bei au vimefichwa ukurasa mwingine.

Lipo na suala la miaka. Shilingi 160,000 kwa maji ya miaka 20 ni shilingi 8,000 kwa mwaka. Shilingi 120,000 kwa mradi unaokufa baada ya miaka 5 ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Juu ya hapo weka umeme au dizeli ya pampu, fundi na vipuri.

Tuseme ukweli mwingine ili hesabu hii isigeuzwe fimbo ya kumchapa mnyonge. Kumfikishia maji mtu wa kitongoji cha mbali huko Meatu daima kutagharimu zaidi kuliko mtu wa Somanda, ambako nyumba zimebanana. Ukishindanisha hao wawili kwa bei tu, wa mbali hatapata maji mpaka kiama. Shindanisha kijiji na kijiji kinachofanana nacho, au mipango miwili ya mahali pamoja kama tulivyofanya hapo juu.

Ukienda nyumbani wikiendi, mkutano mkuu wa kijiji ni haki yako kuhudhuria kama u mkazi, na kama si mkazi mpe mdogo wako maswali haya. Jumla ya fedha zote ni kiasi gani? Wanufaika wamehesabiwa kwa kaya, au kwa kuzidisha 250? Baada ya mwaka, vilula vingapi vinatoa maji? Toeni simu, fungueni kikokotoo, gaweni mbele ya mkutano.

Asiyetaka kugawa mbele yenu anajua jibu litakalotoka.