ALIMDHAMINI, AKAKATAA KUMTOLEA USHAHIDI: ACHENI KUMUITA MSALITI

Wiki nzima hii dada wa watu anaoga matusi mtandaoni. Mara msaliti, mara mbinafsi, mara "kumbe alikuwa anakula hela za jamaa tu". Kosa lake? Kamkatalia staa mmoja wa Bongo Fleva, rafiki yake wa miaka sita, kwenda kusimama mahakamani kuwa shahidi wa tabia yake.

Kwa waliochelewa stori: staa anashtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili. Aliyelalamika ni mpenzi wake wa zamani, na fomu ya PF3 ya polisi inayoonyesha alivyoumia ipo kwenye faili. Mashahidi wa upande wa mashtaka wakamaliza, hakimu akasema jamaa ana kesi ya kujibu, na kambi ya staa ikaanza kutafuta watu wa kuja kusema kwamba jamaa ni mpole. Wa kwanza kupigiwa simu akawa huyu dada, mwigizaji ambaye watu wanampenda na hana skendo. Mnaona wenyewe kwa nini alichaguliwa yeye.

Jibu lake alimtumia mwenyewe staa, usiku uleule, wala hakuliposti popote. Kambi ya staa ndiyo iliyopiga skrini shoti na kulisambaza ili watu wamchukie. Limeandikwa hivi: "Kaka, nimefikiria sana. Siwezi kuapa kwamba wewe si mtu wa fujo, kwa sababu siku ile Bagamoyo nilikuwepo. Wakiniuliza nitasema ukweli na utaumia zaidi. Mwambie wakili asiniweke kwenye orodha. Mambo uliyomfanyia mama hospitali siyasahau."

Someni hilo jibu tena taratibu. Hajamtukana, hajasema "ntakujulisha", wala hajajifanya anaumwa asubuhi ya kesi. Kamwambia mapema, wakati wakili bado ana nafasi ya kupanga mambo yake. Wangapi wenu mnaweza kukataa ombi la mtu aliyelipa bili ya hospitali ya mama yako?

Hoja inayorudiwa sana kwenye komenti ni hii: "Mbona alimdhamini? Kama hamuamini asingesaini dhamana." Hapa ndipo wengi mmechanganya madesa. Mdhamini haongelei tabia ya mtu. Mdhamini anaiambia mahakama kitu kimoja tu, kwamba huyu mtu akiachiwa atarudi tarehe aliyopangiwa, na asiporudi mdhamini ndiye atakayebanwa kwa kile alichosaini. Dada alikuwa na uhakika jamaa hatatoroka. Ana nyumba, ana mama yake mjini, ana shoo zimeshalipiwa. Akasaini, na kweli jamaa hajakosa hata siku moja. Alisimamia alichokijua. Ila kuwa shahidi wa tabia ni kushika Msahafu au Biblia, kuapa, halafu kusema kwamba kwa jinsi unavyomfahamu huyu mtu, hana hulka ya kupiga watu. Hayo ni maneno mengine kabisa.

Na yeye hayajui hayo maneno kuwa kweli. Bagamoyo, kwenye kushuti video, watu zaidi ya kumi walimuona staa akimsukuma dada wa mekapu mpaka akagonga mlango wa gari, kisa poda imekolea. Mambo yakamalizwa kwa bahasha na "samahani". Hakuna aliyeposti. Lakini kuona ameona.

Sasa tuseme angeenda. Wakili wa staa angemuuliza maswali matamu: unamfahamu tangu lini, ni mtu wa namna gani? Miaka sita, mkarimu, anasaidia watu. Poa. Wakili anakaa, anasimama mwendesha mashtaka. "Shahidi, katika miaka hiyo sita hujawahi kumuona mshtakiwa akimgusa mwanamke kwa hasira?" Kimya kile cha sekunde tatu kizimbani kingetosha kumaliza kila kitu. Akisema "ndiyo, niliwahi", kammaliza rafiki yake kwa mdomo wake mwenyewe. Akisema "hapana", kadanganya chini ya kiapo, na Kanuni ya Adhabu inampa mtu wa hivyo kifungo hadi miaka 7. Na watu zaidi ya kumi wanajua kadanganya, mmoja wao ana kovu.

Tena kuna jambo ambalo mashabiki hawalijui, na ndilo lingewafanya wamshukuru huyu dada. Kwa kawaida upande wa mashtaka hauruhusiwi kuleta habari za tabia mbaya ya mshtakiwa ya huko nyuma. Wanatakiwa kuthibitisha tukio lililomleta mahakamani, basi. Ya Bagamoyo hayahusiki. Lakini utetezi ukishaleta mtu wa kusema jamaa ana tabia nzuri, mlango umefunguliwa na wao wenyewe, na sheria ya ushahidi inawaruhusu wa upande wa pili nao kuongelea hiyo tabia. Yaani shahidi dhaifu wa tabia ni mbaya kuliko kutokuwa naye. Nyie mnaolia "angemsaidia tu hata kidogo", hicho kidogo ndicho kingemleta dada wa mekapu mahakamani.

Halafu hata angekuwa na sifa safi za kumwaga, zingefanya nini mbele ya PF3 na jirani aliyesikia kelele? Sifa nzuri zina uzito pale ambapo ni neno la huyu dhidi ya neno la yule. Hazifuti jeraha. Mtu anaweza kulipia watoto ada, kuchangia msikiti, kulipa bili za hospitali, na bado akapiga mtu Jumamosi usiku.

Kuna wanaosema angekubali kuandika barua tu, asiende. Barua ya nani, ya kusema nini? Meneja alishamtumia iliyoandikwa tayari, mistari mitatu, ya mwisho ikisema "sijawahi kumuona akigombana na mtu". Kilichobaki ni sahihi yake. Uongo ni uleule, tofauti ni kwamba huu unabaki kwenye faili.

Kitu kimoja tu cha kumtahadharisha: kumkatalia rafiki si sawa na kukataa mahakama. Ikija samansi yenye jina lake, ataenda, hakuna ujanja. Ila wakili gani mwenye akili atamwita shahidi aliyeshamwambia kwa maandishi kwamba atasema ukweli usiotakiwa? Ndiyo maana lile jibu lilikuwa fupi na la wazi. Angejibu nusu nusu, jina lake lingekuwa kwenye orodha leo.

Na shukrani ya hospitali bado ina pa kwenda. Jamaa akikutwa na hatia, kabla ya adhabu utetezi unapewa nafasi ya kumuombea apunguziwe. Hapo dada anaweza kusema alichofanyiwa mama yake, maana hicho alikiona kwa macho yake na hakuna wa kumuumbua. Habari za ndani zinasema ujumbe huo keshaupeleka kwa wakili, na wakili kaupokea vizuri tu.

Anayepiga kelele ni meneja. Yuleyule aliyebeba bahasha Bagamoyo. Miaka yote hiyo yuko na staa asubuhi mpaka usiku, anamjua kuliko mtu yeyote, na mpaka sasa jina lake halimo kwenye orodha ya mashahidi. Muulizeni yeye kwanza kwa nini.