Saza Moja, Wilaya Nyingi



Mwezi uliopita mzee mmoja, mwenyeji wa Uganda aliyehamia kwetu zamani, alikuja ofisini pangu pamoja na mjukuu wake. Mzee akasema amezaliwa Buddu. Karatasi ya kijana ilisema: Wilaya ya Kalungu. Nikawauliza, “Mbona ninyi ni wa mahali pawili?” Mzee akacheka, akanijibu, “Mwanangu, ni kijiji kile kile.” Basi, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu na wakwe ng’ambo ile, nataka kuwaeleza jambo hili.

Kwetu Tanganyika utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Ndiyo sababu hutuwia vigumu kuelewa habari za Uganda. Wao nao walifuta falme zao mwaka 1967, lakini mwaka 1993 zikarudishwa, na Kabaka Ronald Mutebi akasimikwa Buganda mwaka huo huo. Tangu hapo ramani mbili zimelala juu ya ardhi moja.

Ramani ya kwanza ni ya Kabaka. Ufalme wake umegawanyika katika masaza 18, na kila saza lina mkuu wake, aliyewekwa na Kabaka, mwenye jina lake la cheo. Mkuu wa Buddu huitwa Pokino. Mkuu wa Bugerere huitwa Mugerere. Chini ya saza kuna magombolola, kisha miluka. Juu ya wote wako Katikiro, yaani waziri mkuu, na baraza liitwalo Lukiko.

Ramani ya pili ni ya Serikali: wilaya, na mabaraza yaliyochaguliwa kwa kura tangu kijijini mpaka wilayani. Hii hubadilika mara kwa mara. Mwaka 2010 wilaya ya Masaka ilikatwa, zikatoka Kalungu, Bukomansimbi na Lwengo. Wilaya zikaongezeka, wenyeviti wakaongezeka, lakini Buddu haikukatwa. Pokino alibaki mmoja. Ndiyo maana babu ni wa Buddu na mjukuu ni wa Kalungu, na wote wawili wamesema kweli.

Je, mtu wa huko apeleke shauri lake wapi? Katiba yao ya mwaka 1995, kifungu cha 246, yaeleza. Kiongozi wa mila hana mamlaka ya kutawala wala kutunga sheria za nchi, na haruhusiwi kuingia katika siasa za vyama. Hakuna mtu awezaye kulazimishwa kumtii wala kumchangia fedha. Basi barabara, shule na zahanati ni kazi za Serikali. Mambo ya ukoo, urithi wa jina na heshima za kimila hupelekwa upande wa Kabaka. Akija mtu kwa jina la saza akidai kodi kwa nguvu, ujue amevuka mpaka wake. Mchango wa hiari ni jambo jingine.

Lakini si mambo yote yanayogawanyika vizuri hivyo. Tazameni Bugerere. Katika ramani ya Kabaka ni saza lake. Katika ramani ya Serikali ni wilaya ya Kayunga, iliyotolewa katika Mukono mwaka 2000. Humo wamo Wabanyala, ambao baadhi yao husema wana kiongozi wao wenyewe, Sabanyala, wala hawako chini ya Kabaka. Septemba 2009 Kabaka alikusudia kwenda Kayunga kwa sikukuu ya vijana. Katikiro alitangulia kutengeneza safari, polisi wakamzuia njiani. Ghasia zikazuka Kampala na miji mingine, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Kosa lilianzia wapi? Katiba ile haikuchora mpaka wa ufalme wowote kwa mawe wala kwa mito. Yasema kiongozi wa mila aweza kuwapo mahali popote kwa kufuata mila au matakwa ya watu wanaohusika. Yaani sheria yaanza na watu. Lakini saza ni nchi yenye mipaka, na ndani ya saza moja waweza kuwamo watu wa matakwa mawili. Kabaka akahesabu nchi, Wabanyala wakahesabu watu, na kila mmoja aliona haki iko kwake. Kuchora wilaya mpya hakuwezi kumaliza ugomvi wa namna hiyo, maana mpaka wa wilaya haumwambii mtu mfalme wake ni nani.

Basi, ukimwandikia ndugu yako wa Buganda barua ya kiofisi, andika wilaya, na uulize kwanza kama haijakatwa tena. Ukitaka kumtafuta mtu wa ukoo wake, uliza saza. Mimi katika kitabu changu niliandika yote mawili.

Karani wenu.