Pesa za Wazee Zikiingia, Mtaa Mzima Ujue

Wakenya wenzangu, kila mzee aliyesajiliwa katika Inua Jamii baada ya kufikisha miaka 70 hupewa na Serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa kuwa wengi wao hawawezi safari ya benki, mpango huu unamruhusu mzee kuteua mtu wa kumchukulia malipo. Ruhusa hiyo ni ya lazima, na ndugu wengi huitumia kwa uaminifu. Lakini pia ndiyo mlango wa wizi usio na kelele, kwa sababu anayeshika kadi ya benki huwa peke yake katika kujua pesa zimeingia lini na ni kiasi gani. Wizi huu huishi katika upweke wa habari. Sisi majirani tunaweza kuuvunja upweke huo.

Fikiria malipo ya miezi miwili yaliyokuja kwa mpigo, shilingi 4,000. Mjukuu anayemchukulia bibi anarudi na unga, sukari na sabuni za 1,300, anasema nauli ilikuwa 200, kisha anamwekea bibi 500 mkononi. Bibi anashukuru, maana hajui kwamba 2,000 nyingine zimebaki mfukoni mwa mjukuu. Yakija malipo sita ya namna hiyo kwa mwaka, zinapotea 12,000, ambazo ni nusu ya haki yake yote. Mwezi mwingine anaambiwa pesa hazijaingia, naye anaamini, kwa kuwa malipo haya kweli hucheleweshwa mara nyingi. Ucheleweshaji wa kweli unakuwa pazia la uongo.

Dalili zake huonekana kwa anayetazama. Kadi na kitambulisho hulala nyumba nyingine, na mzee hajui namba yake ya siri wala hajawahi kuona risiti. Jamaa asiyekuja mwezi mzima hufika siku ya malipo. Dawa za presha zinakatika huku pesa zikisemekana zimetumika kwake. Kadi iko kwa mwenye duka kama rehani ya deni ambalo mzee hakulikopa. Ukimuuliza habari za pesa zake, anamtazama jamaa kabla ya kujibu. Dalili moja peke yake si ushahidi, lakini zikikutana mbili tatu, ni haki kuuliza.

Watasema hayo ni mambo ya nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na haki hiyo haikomi mlangoni mwa mwanawe. Wengine watasema: tunamlisha na kumlaza, basi pesa zake ni zetu. Kifungu hichohicho kinasema mzee apate matunzo kutoka kwa familia na kutoka kwa Serikali. Hakisemi moja lifute jingine. Akipenda kuchangia unga wa nyumba, achangie, lakini awe ameulizwa na amekubali. Na mzee anayesahau bado huweza kusema anataka blanketi au kiatu. Kusahau kwake kunadai shahidi wa pili, hakumpi mtu mmoja mamlaka ya kuamua yote.

Pingamizi zito ni hili: tukimfichua anayemtunza, nani atampikia kesho? Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo tusianze kwa kufoka mbele ya watu, maana atakayelipia aibu hiyo usiku ni mzee. Tuzungumze naye kwanza faraghani, tumuulize anataka nini, tutafute ni nani mwingine anayemwamini. Akikubali, asindikizwe na kitambulisho chake hadi benki, kadi ya zamani ifungwe na apewe mpya yenye namba ya siri mpya; na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo iombwe kubadilisha mtu aliyeteuliwa. Panapokuwa na vitisho au kipigo, hapo ni polisi na chifu, bila kungoja kikao cha ukoo.

Lakini kazi kubwa ni ya kabla ya hapo. Chifu na wazee wa mtaa watangaze malipo yanapoingia, kama wanavyotangaza chanjo. Misikiti na makanisa yarudie tangazo hilo. Mawakala wa benki wamkabidhi anayechukua risiti iliyochapishwa kila mara. Kila familia imsomee mzee risiti hiyo mbele ya mtu wa pili, kisha aiweke yeye. Ndugu mwaminifu hapotezi chochote kwa utaratibu huu. Unamkinga na shutuma. Malipo yajayo yakiingia, kila mmoja wetu apite kwa mzee aliye karibu naye amwambie: bibi, babu, pesa zimeingia, ni shilingi kadhaa, zimekufikia?