Pesa ya Mtoto, Sehemu ya 3: Pesa ya Kujifungua Isikae Mahali Pamoja na Karo

Tangu ile sehemu ya pili wengi mmeniuliza swali moja: "Sista, niache pesa kwa akaunti ya akiba ya benki, ama nipeleke kwa mfuko wa soko la fedha, ama ninunue hati za Hazina?" Wengine mmeshaambiwa na rafiki kwamba kuweka pesa benki ni ujinga kwa sababu riba ni kidogo. Mimi sikubaliani na hilo. Ukweli ni kwamba riba ya benki ni kidogo, lakini swali la kwanza si riba. Swali la kwanza ni hili: hiyo pesa utaihitaji lini, na itachukua muda gani kukufikia mkononi?

Tumchukue mama mmoja wa kufikirika. Ni katikati ya Juni, ana mimba ya wiki 16, na ana mtoto mkubwa ambaye karo yake inatakiwa Januari. Ameweka akiba ya shilingi 160,000. Kati ya hizo, 60,000 ni za kujifungua na 100,000 ni za shule. Hizo ni pesa mbili tofauti kabisa, hata kama ziko kwa mfuko mmoja wa rinda.

Tuanze na karo, kwa sababu karo ina tarehe. Shule haifungui wiki sita mapema kwa ghafla. Pesa yenye tarehe inafaa hati ya Hazina, ile utakayoona kwenye skrini imeandikwa Treasury Bill. Hapa Kenya zinauzwa na Benki Kuu kwa niaba ya serikali, za siku 91, siku 182 na siku 364. Kiwango cha chini ni shilingi 50,000. Unafungua akaunti bila malipo kwenye DhowCSD, unaiunganisha na akaunti yako ya benki, halafu unaomba. Mnada huwa kila wiki, na kama wewe si mtaalamu unakubali tu riba ya wastani itakayotoka.

Kitu kinachowachanganya watu ni hiki: riba haiongezwi juu, inapunguzwa kwa bei. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka (hiyo ni ya kupigia hesabu tu, kila mnada una yake). Hati ya shilingi 100,000 ya siku 182 bei yake itakuwa karibu 96,164. Siku ikikomaa, serikali inalipa 100,000. Faida ni 3,836, na kodi ya asilimia 15 ya hiyo faida ni kama 575. Kwa hivyo faida yako halisi ni karibu 3,260. Pesa hiyohiyo ikikaa kwa akaunti ya akiba yenye asilimia 3, kwa siku zilezile, baada ya kodi utapata kama 1,220. Tofauti ni shilingi elfu mbili hivi. Hiyo ni sweta na viatu vya shule. Siku 182 ni wiki 26, kwa hivyo akinunua katikati ya Juni, pesa inarudi katikati ya Desemba, kabla ya karo. Mpango mzuri.

Lakini elewa umeifunga. Ukiitaka Septemba, si rahisi. Benki Kuu inaweza kuinunua tena kama njia ya mwisho, ila itakukata, na faida yako inaweza kuisha yote. Ndiyo maana nasema pesa ya kujifungua isiguse hati ya Hazina, hata kama hesabu ya tarehe inaonekana kukubali. Karatasi ya kliniki ina tarehe ya kujifungua, lakini mtoto hajaisoma.

Sasa ile 60,000. Hapa wengi watakuambia uweke yote kwa mfuko wa soko la fedha, ule wa Money Market Fund. Ni kitu kizuri. Mfuko unakusanya pesa za watu wengi na kuziweka kwa hati za Hazina na amana za benki. Unaweza kuanza na kidogo, riba inahesabiwa kila siku, na unaweza kuitoa bila kungoja mwisho wa miezi. Kumbuka tu kwamba ile asilimia inayotangazwa ni ya mwaka mzima na kwa kawaida haijakatwa kodi ya asilimia 15. Pia haina ile bima ya amana inayolinda pesa yako benki hadi shilingi 500,000. Kwa hivyo hakikisha kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na mtu akikuahidi asilimia 5 kwa mwezi, huo si mfuko wa soko la fedha, kimbia.

Shida yake kwa mama mjamzito ni muda. Mifuko mingi inachukua siku moja hadi tatu za kazi kukutumia pesa. Za kazi, mama. Ukiomba Ijumaa jioni, unaweza kuipata Jumanne au Jumatano. Sisi wa wodi ya uzazi tunajua maji hupasuka Jumamosi usiku pia. Nimeona familia ina pesa, na inaonekana hapo kwenye simu, lakini inazunguka korido ikikopa kwa jirani kwa sababu haijafika.

Kwa huyo mama wetu, ningegawa hivi. Shilingi 20,000 zikae akaunti ya akiba ya kawaida, inayotoka kwa simu saa yoyote. Shilingi 40,000 ziende kwa mfuko wa soko la fedha mpaka wiki ya 34, katikati ya Oktoba. Kwa miezi minne hiyo, kwa asilimia 8, atapata kama 890 baada ya kodi. Benki ingempa kama 330. Tofauti haifiki 600, pakiti moja ya daipa. Inafaa kuchukua, lakini haifai kuhatarisha usiku wa kujifungua kwa ajili yake. Kwa hivyo wiki ya 34 ikifika, anaomba pesa yote irudi benki na anaiacha hapo, riba kidogo au isiwe kidogo. Akiwa na mapacha, shinikizo la damu au historia ya kujifungua mapema, airudishe kabla ya hapo, kulingana na anavyoambiwa kliniki.

Jambo la mwisho ambalo watu wa pesa hawalisemi. Akaunti ya mfuko ina jina lako na namba yako ya siri. Ukiwa chumba cha upasuaji umelala, nani ataitoa? Wala usimpe mtu namba ya siri. Fanya hivi: ile 20,000 ikae kwa akaunti ambayo baba wa mtoto, au mama yako, au dada unayemwamini anaweza kuitoa kihalali kwa jina lake. Mkubaliane mapema, mbele ya watu wawili kama inabidi.

Kwa hivyo akikuambia mtu benki ni ujinga, muulize yeye pesa yake ya dharura ikiombwa saa nane usiku itafika saa ngapi. Karo ipeleke Hazina. Pesa ya katikati iende kwa mfuko. Pesa ya usiku wa uchungu ikae pale inapotoka usiku.