Betri ya bei rahisi huwagharimu wanafunzi

Yapo mazoea mabaya katika shule zetu za bweni humu Kakamega. Fedha za kununua betri ya sola zinapopatikana, kamati hukusanya karatasi za bei kutoka madukani, huzipanga kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha huichagua ya chini na kujipongeza kwa kubana matumizi. Swali lililopaswa kuulizwa haliulizwi: kila uniti moja ya umeme itakayohifadhiwa na kutolewa humo, tangu siku ya kwanza hadi betri itakapochoka, itaigharimu shule shilingi ngapi?

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2. Lakini haifai kuimaliza yote kila usiku. Tukitoa nusu tu, tunapata uniti 0.6. Kiasi hicho tukizidishe kwa idadi ya mara ambazo betri inaweza kutolewa umeme na kujazwa tena kabla ya kuchoka, kisha bei ya kununulia tuigawe kwa jibu.

Nichukue bei za mfano, zisizo za duka lolote. Betri ya gari inauzwa shilingi 12,000. Bamba zake ni nyembamba, kwa kuwa iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitolewa nusu kila usiku, tuseme itastahimili mizunguko 200. Hizo ni uniti 120 maishani mwake, kila moja kwa shilingi 100. Betri ya risasi iliyoundwa kwa sola, ya ukubwa uo huo, inauzwa shilingi 22,000 na kustahimili mizunguko 600 kwa kina hicho cha nusu. Hutoa uniti 360, na kila moja ni shilingi 61. Ile iliyoonekana ghali dukani imekuwa nafuu darasani.

Kina cha kutoa ndicho kinachosahaulika zaidi. Betri hiyo hiyo ya sola ikitolewa asilimia 30 pekee, yaweza kufikisha mizunguko 1,200. Jumla inakuwa uniti 432, na gharama inashuka hadi shilingi 51. Ndiyo maana muuzaji anayesema "mizunguko 1,200" bila kutaja kina hajasema lolote la kufaa.

Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma tuiwekee shilingi 36,000. Huweza kutolewa asilimia 80 mara 3,000, nayo ni takriban uniti 2,900 kwa shilingi 12 kila moja. Hapa nami natahadharisha. Shule inayosoma usiku 270 kwa mwaka itahitaji miaka 11 kutimiza mizunguko hiyo, na betri huzeeka hata ikiwa haitumiki. Ikifa baada ya miaka minane, imetoa uniti 2,070 hivi, na gharama halisi ni shilingi 17. Bado inazishinda zile nyingine kwa mbali, lakini si kwa kiasi kinachotangazwa.

Tena mazingira yetu yana lake. Mvua za Kakamega hupenda kunyesha alasiri, saa ambazo betri ya risasi ingekuwa ikimalizia kujazwa polepole. Ikikosa kujaa siku baada ya siku, salfeti hugandamana juu ya bamba na uwezo hupungua muda mrefu kabla ya mizunguko iliyoahidiwa. Lithiamu haidhuriki kwa kutojaa. Likizo nazo huua betri za risasi kimyakimya: shule hufungwa, betri huachwa nusu tupu, na muhula unapofunguliwa taa hazifiki saa tatu usiku.

Dalili huonekana mapema kwa anayepima. Betri ya risasi iliyojaa, ikipumzishwa saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, husoma karibu volti 12.7, iliyobakiwa na nusu husoma karibu 12.1. Mwalimu wa fizikia aliye na voltimita akiona jioni baada ya jioni kwamba 12.7 haifikiwi, ajue kwamba paneli hazitoshi au mzigo umezidi, na kwamba ile shilingi 61 inaelekea 100.

Kwa hiyo nazisihi bodi za shule zidai mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulinganisha bei: uwezo wa betri, idadi ya mizunguko pamoja na kina chake, na miaka ya dhamana. Karatasi ya bei isiyokuwa na hayo irudishwe dukani.